Ujira wa usiku na mkono wa kodi

Jioni moja mwezi uliopita, nikingoja matatu pale Giakanja ili niteremke mjini Nyeri, nilikutana na binti mmoja niliyemfunza hisabati miaka kadhaa iliyopita. Sasa ni muuguzi katika hospitali moja ya kibinafsi, naye alikuwa akienda zamu ya usiku, amejifunika shuka kwa ile baridi ya Tetu inayojulikana. Baada ya salamu alinitolea hati yake ya mshahara. "Mwalimu," akasema, "tangu nianze kupewa marupurupu ya usiku na ya hatari, kodi imepanda mno. Wenzangu wananiambia nimeingia ngazi ya asilimia 30, na kwamba heri nikatae zamu za usiku maana nafanyia serikali kazi bure."

Nimeyasikia maneno hayo mara nyingi, hata katika vyumba vya walimu ambamo watu wanajua hesabu vizuri. Nikaona afadhali niyaandike hapa, kwa kuwa yana kosa moja kubwa na malalamiko mawili ya haki.

Tuanze na sheria. Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 470, katika kifungu cha 5, inahesabu mapato ya ajira kuwa ni mshahara, bonasi, kamisheni na marupurupu mengineyo anayolipwa mtu kwa ajili ya kazi yake. Mamlaka ya Ushuru haiulizi kama fedha hizo zimeitwa za usiku, za hatari au za mazingira magumu. Zote hujumlishwa na mshahara wa msingi, na kodi ya PAYE hutozwa juu ya jumla hiyo.

Kosa liko katika jinsi watu wanavyoielewa ngazi. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2023, shilingi 24,000 za kwanza za mwezi hutozwa asilimia 10, shilingi 8,333 zinazofuata hutozwa asilimia 25, na zinazopita 32,333 hutozwa asilimia 30, hadi tufike kwa mapato makubwa ambayo hayatuhusu leo. Kisha kila mfanyakazi hupunguziwa kodi kwa shilingi 2,400. Kila ngazi hula kilicho ndani yake tu. Anayevuka 32,333 hatozwi asilimia 30 kwa mshahara mzima. Hutozwa kwa kile kilichovuka mpaka.

Nilichukua kalamu tukapiga hesabu, kwa tarakimu za mfano zilizo karibu na zake. Tuseme analipwa 30,000 bila marupurupu. Bima ya afya ya SHIF huchukua asilimia 2.75 na ushuru wa nyumba asilimia 1.5, jumla 1,275. Tangu mwishoni mwa Desemba 2024 makato hayo mawili huondolewa kabla ya kodi kukadiriwa, basi zinazotozwa kodi ni 28,725. Kodi yake, baada ya ile nafuu ya 2,400, ni kama shilingi 1,181. Anabaki na 27,544. (NSSF nimeiacha kando ili hesabu isiwe ndefu, ingeipunguza kodi kidogo.)

Sasa mwongezee 4,000 za usiku na 3,000 za hatari, afike 37,000. SHIF na nyumba zinakuwa 1,572. Zinazotozwa kodi ni 35,428, ambazo zimevuka mpaka wa asilimia 30 kwa shilingi 3,095 pekee. Kodi inakuwa kama 3,012 na mkononi anabaki na 32,416. Katika zile 7,000, ameondoka na 4,872. Kodi na makato mengine yamekula takriban senti 30 za kila shilingi iliyoongezwa.

Kama wenzake wangekuwa na haki na mshahara wote ukatozwa asilimia 30, kodi ingefika 8,228 na angebaki na 27,199, pungufu kuliko alivyokuwa kabla ya kukesha. Kwa hiyo uvumi huo unaweza kupimwa. Linganisha hati ya mwezi wenye zamu na ya mwezi usio na zamu. Iwapo fedha za mkononi zimepungua baada ya marupurupu kuingia, basi ama kuna mkopo au makato mengine yaliyoingia, ama karani wa mishahara amekosea. Ngazi za kodi haziwezi kuleta jambo hilo.

Lipo tatizo dogo ambalo ngazi huleta kweli, nalo ni malimbikizo. Tuseme marupurupu ya Aprili na Mei hayakulipwa, yakaja yote pamoja na ya Juni. Miezi ile miwili ilikuwa na nafasi katika ngazi ya asilimia 25 ambayo haikutumika, na sasa fedha zote zimerundikana katika ile ya 30. Kwa mfano wetu anapoteza kama shilingi 360. Hazijapotea moja kwa moja, kwani hesabu ya mwisho ya kodi ni ya mwaka mzima. Na aitunze fomu ya P9 anayopewa na mwajiri, adai ziada anapowasilisha taarifa yake kabla ya tarehe 30 Juni ya mwaka unaofuata.

Malalamiko ya haki ni yapi? La kwanza mwalimu yeyote atalielewa. Katika mpango wa pensheni wa watumishi wa umma ulioanza 2021, mtumishi hutoa asilimia 7.5 na serikali asilimia 15, lakini za mshahara wa msingi tu. Mbele ya mtoza kodi marupurupu ni mshahara. Mbele ya pensheni si mshahara. Mwajiri anayekataa kupandisha mshahara wa msingi na badala yake akaongeza marupurupu hamdanganyi mtu kuhusu kodi, maana kodi ni ile ile. Anachokwepa ni uzee wa mfanyakazi.

La pili ni la kumbukumbu. Kabla ya Katiba ya 2010, sehemu kubwa ya malipo ya wabunge wetu ilikuwa marupurupu yasiyotozwa kodi, huku muuguzi akitozwa kwa kila senti. Ibara ya 210 ilikomesha hayo kwa kukataza sheria yoyote ya kumwondolea ofisa wa dola kodi kwa sababu ya cheo chake au aina ya kazi yake. Lakini muuguzi, bawabu na mfanyakazi wa kiwanda cha majani chai si maofisa wa dola. Bunge likitaka kuwasamehe kodi ya ujira wa usiku, katazo hilo haliwahusu.

Ujerumani hufanya hivyo. Nyongeza ya usiku haitozwi kodi ya mapato mradi isizidi asilimia 25 ya ujira wa msingi, na iwe ya saa zilizofanyiwa kazi kweli, si kiasi cha kubahatisha. Marupurupu ya hatari, kwa upande mwingine, wanayatoza. Mimi naona wamegawa vizuri. Usiku hauwezi kuondolewa hospitalini, lakini hatari nyingi zaweza kupunguzwa kwa glavu, barakoa na chanjo, ambazo mwajiri akizinunua hazihesabiwi kuwa mapato ya muuguzi. Wauguzi na maafisa wa kliniki walipogoma Desemba 2020, marupurupu ya hatari yalikuwa miongoni mwa madai yao, lakini vifaa vya kujikinga pia vilikuwamo. Kikomo cha asilimia nacho kina maana, kwa sababu bila hicho waajiri wangepunguza mshahara wa msingi na kuuita usiku kila kitu.

Matatu ilipofika, binti aliikunja hati yake akaitia mkobani. Alisema zamu ataendelea nazo, ila kesho yake atamuuliza karani kwa nini mshahara wake wa msingi haujasogea tangu aajiriwe.