Pensheni ya kazini Uingereza: kabla hujajitoa, tazama hesabu

Kila mwaka tunapata masuali ya namna moja kutoka kwa vijana wetu walioko Uingereza, na khasa kutoka kwa wazee wao walioko Maskati na Dubai: kijana kaanza kazi, mwezi wa kwanza tu kakuta mshahara umekatwa, na kwenye slipu pameandikwa "Pension". Ami yake kamwambia ajitoe haraka, kwa sababu mbili. Kwanza, yeye hatozeekea kule, atarudi. Pili, fedha zile zinatiwa kwenye riba. Sababu ya pili ina uzito wake na tutaifikia. Ya kwanza, kwa maoni yetu, inatugharimu pesa nyingi bila ya maana.

Sisi wa Ghuba tumezoea kiinua mgongo. Mtu anafanya kazi miaka yake, siku anayoondoka bosi anamhesabia kwa mshahara wake wa msingi wa mwisho na miaka aliyotumika, anampa chake, wanaagana. Mpaka siku hiyo fedha ziko kwa bosi, na kampuni ikifilisika kabla, mtu anahangaika. Pensheni ya kazini ya Uingereza sivyo ilivyo. Kila mwezi fedha zinatoka kwa bosi na zinakwenda kwenye mfuko wa nje, katika akaunti yenye jina la mfanyakazi mwenyewe. Kampuni ikifungwa kesho, kilichokwishaingia ni chake. Akihama kazi, akihama nchi, ni chake pia.

Sheria yenyewe ilianza kutumika mwaka 2012. Mwajiri analazimika kumwandikisha kila mfanyakazi mwenye umri wa kuanzia miaka 22 mpaka umri wa pensheni ya serikali, anayepata zaidi ya pauni 10,000 kwa mwaka. Mchango wa chini ni asilimia 8, lakini si wa mshahara wote. Unahesabiwa kwenye kipande cha mshahara kilicho kati ya pauni 6,240 na pauni 50,270. Hapa ndipo wengi wanapochanganyikiwa, wanapiga asilimia kwenye mshahara mzima, hesabu haikubali, wanadhani wamedhulumiwa.

Tumchukue binti wa miaka 30 anayefanya kazi ya kutunza wazee Portsmouth, mshahara wake pauni 26,240 kwa mwaka. Toa 6,240, zinabaki 20,000. Asilimia 8 ya hizo ni pauni 1,600 kwa mwaka, ndizo zinazoingia mfukoni mwake. Sasa nani katoa nini? Yeye mwenyewe katoa 800. Mwajiri katoa 600. Serikali katia 200, ambayo ni ile kodi ambayo ingemkata kama fedha zisingekwenda pensheni. Kwa maneno mengine, kila anapotoa pauni 4, bosi anatia 3 na serikali inatia 1. Kwa mwezi anakatwa kama pauni 67, na kwenye akaunti zinaingia 133. (Slipu nyingine zinaonyesha makato ya pauni 83, lakini kodi nayo imepunguzwa, kwa mtu wa mshahara huu matokeo ni yale yale.)

Akijitoa, anarejeshewa zile 67 zake kwenye mshahara. Zile 50 za bosi hapewi. Zinabaki kwa bosi. Kwa hiyo ami anayemwambia mtoto ajitoe kwa kuwa atarudi kwao, anamwambia akatae nyongeza ya mshahara. Na kurudi kwao hakumvunjii mtu pensheni: akaunti inabaki, inaendelea kukua, na mwenyewe anaweza kuifuata akiwa Maskati au Unguja akifika umri wake. Umri huo leo ni miaka 55, na kuanzia tarehe 6 Aprili 2028 utakuwa 57. Hapo, kwa sheria ya sasa, robo ya fedha anaweza kuichukua bila ya kodi ya Uingereza, na iliyobaki huhesabiwa kama kipato.

Hatusemi hakuna mtu mwenye sababu ya kujitoa. Anayeshindwa kulipa kodi ya nyumba mwezi huu hawezi kuambiwa asubiri miaka thelathini. Lakini aelewe masharti: ana mwezi mmoja tangu kuandikishwa kujitoa na kurudishiwa alichokatwa. Mwezi ukipita anaweza kuacha kuchangia, ila kilichoingia hakitoki mpaka umri ufike. Na baada ya kama miaka mitatu mwajiri atamwandikisha tena, kwa hiyo asishangae.

Sasa tuje kwenye riba, maana hapa ami hakukosea. Mfanyakazi asipochagua chochote, fedha zake zinaingia kwenye mfuko wa kawaida wa kampuni ile ya pensheni. Mfuko huo ni mchanganyiko: hisa za makampuni, majengo, na hati fungani, yaani mikopo kwa serikali na makampuni inayolipa riba. Mtu anapokaribia kustaafu, mfuko wenyewe unampunguzia hisa na kumwongezea hati fungani, ili soko likianguka asianguke nalo. Ni mpango mzuri kwa asiyejali riba. Kwa anayejali, hauwezi kuwa jibu.

Jibu si kujitoa, jibu ni kubadilisha mfuko. Kampuni nyingi kubwa za pensheni zina mfuko wa kisharia. Nest, ambayo iliundwa na serikali na ndiyo inayotumiwa na waajiri wengi wadogo, inao. Ukiingia kwenye akaunti utaukuta kwa jina la "Nest Sharia Fund". Mifuko hii hununua hisa za makampuni yaliyochujwa: haimo benki ya riba, haimo pombe, nguruwe wala kamari, na kampuni yenye madeni makubwa kupita kiasi kilichowekwa nayo hutolewa. Sehemu ya mapato yenye shaka hutengwa ikatolewa sadaka. Pana jopo la wanazuoni linalosimamia, na anayetaka kujiridhisha aombe kusoma waraka wa mfuko au amuulize shekhe wake. Sisi si mamufti.

Lakini pana mambo mawili ambayo wanaokimbilia mfuko huu hawaambiwi. La kwanza ni ada. Sheria imeweka kikomo cha ada cha asilimia 0.75 kwa mwaka, ila kikomo hicho ni cha mfuko wa kawaida, ule wa wasiochagua. Ukichagua mwenyewe, kikomo hakikulindi. Nest inatoza asilimia 1.8 ya kila mchango unapoingia na asilimia 0.3 ya akiba kwa mwaka, lakini kwa kampuni nyingine mfuko wa kisharia unaweza kuwa ghali kuliko wa kawaida. Utizame kabla ya kubonyeza.

La pili ni zito zaidi. Mfuko wa kisharia kwa desturi ni hisa, tena sehemu kubwa ni makampuni makubwa ya teknolojia ya Marekani. Kwa kijana hilo si baya. Soko likianguka, ule mchango wake wa mwezi unanunua zaidi: kipande kilichokuwa pauni 2 kikishuka mpaka pauni 1.60, pauni 133 zilizokuwa zinanunua vipande 66 sasa zinanunua 83. Ana miaka ya kungoja bei irudi. Lakini mzee wa miaka 63 mwenye pauni 100,000 humo, soko likishuka kwa asilimia 30 anabaki na 70,000, na ili arudi alipokuwa soko linatakiwa lipande karibu asilimia 43. Hana muda huo. Mfuko wa kawaida ungekuwa ushamhamisha polepole. Huu wa hisa hauhami wenyewe. Basi mtu akibakisha miaka kumi hivi aanze kuuliza kampuni yake pana nini kingine kisicho na riba, na kama hakuna, apange asilazimike kuzitoa fedha zote mwaka mmoja.

Kubadilisha kwenyewe ni kazi ya dakika chache mtandaoni. Jambo moja tu: baadhi ya kampuni wana masuali mawili tofauti, wapi iende michango ijayo na wapi iende akiba iliyokwishaingia. Mtu anajibu la kwanza, anaondoka ameridhika, kumbe fedha za miaka mitano ziko pale pale kwenye mfuko wa zamani.

Turudi kwa binti yetu. Tuseme mshahara wake haubadiliki na mfuko unakua kwa asilimia 5 kwa mwaka baada ya ada zote. Hii si ahadi, ni mfano wa hesabu. Miaka mingine itapanda na mingine itashuka. Baada ya miaka 10 atakuwa na kama pauni 20,100. Baada ya 20, kama 52,900. Baada ya 30, kama 106,300, na humo alizotoa yeye mfukoni mwake ni 24,000 tu. Tizama muongo wa mwisho: umeingiza zaidi ya pauni 53,000, yaani zaidi ya miaka 20 ya mwanzo yote pamoja, ingawa mchango wake haukuongezeka hata peni. Ni faida inayozaa faida juu ya akiba iliyokwisha kuwa kubwa. Ndiyo maana anayesema "nitaanza nikifika arubaini" hapotezi miaka kumi midogo ya mwanzo, anapoteza ile minono ya mwisho.

Ada nayo inafanya kazi hiyo hiyo kinyumenyume. Mfuko ule ule ukila nusu asilimia zaidi kwa mwaka, zile 106,300 zinakuwa kama 97,600. Na bei za vitu hazisimami: zikipanda kwa asilimia 2 kila mwaka, pauni 106,300 za wakati huo zitanunua kile ambacho leo kinanunuliwa kwa kama 58,700. Si haba, lakini asije mtu akahesabia jumba.

Wako pia waajiri wanaokata wasipeleke. Slipu inaonyesha makato, akaunti haina kitu. Kwa malipo ya mtandaoni, makato ya mfanyakazi yanatakiwa yafike kwenye mfuko kabla ya kupita tarehe 22 ya mwezi unaofuata. Kwa hiyo mara moja kila miezi mitatu, linganisha slipu na akaunti. Zikiachana, muulize bosi kwa maandishi, na asipojibu ripoti kwa The Pensions Regulator.

Na yule anayekupigia simu, mara nyingi kwa lugha yetu hii hii, akakwambia anaweza kukutolea pensheni yako kabla ya umri kwa sababu unahama Uingereza: kuhama nchi hakufungui mfuko. Yeye atachukua ada yake, na wewe serikali inaweza kukudai kodi ya mpaka asilimia 55 ya fedha zilizotoka, hata kama umeshafika Maskati.