Mafuta mdomoni ni sawa, ila mswaki usiuache

Kipindi kilichopita tuligusia mafuta ya nazi, na jumbe zilizoingia baada ya hapo, karibu nusu, zilihusu kusukutua. Asubuhi unaweka mafuta mdomoni, unayazungusha dakika 20, unatema. Naona nijibu kwa maandishi, maana binamu yangu hapa Leicester fizi zake zinatoka damu tangu Ramadhani. Anasubiri nafasi ya daktari wa meno wa serikali, na katikati ya kusubiri ameamua mafuta yatamtosha. Mimi sikubaliani naye.

Tuanze na ule weupe. Wale wa Tiktok wanatuonyesha mafuta yaliyotemwa yakiwa meupe kama tui, wanasema, "Ona, sumu hiyo imetoka!" Jamani, hiyo si sumu. Mafuta yakipigwapigwa pamoja na mate yanavunjika kuwa matone madogo madogo, na matone hayo ndiyo yanayoonekana meupe. Hata mwenye mdomo msafi kabisa atatema mafuta meupe.

Je, basi ni upuuzi? Hapana. Desturi yenyewe ni ya Wahindi, ya zamani sana, imo kwenye tiba yao ya Ayurveda, na wao hasa wanatumia ufuta. Na Wahindi ndio waliojaribu kuipima. Mwaka 2009 walichukuliwa vijana 20 wenye fizi zilizovimba kwa sababu ya utando wa meno. Kumi walisukutua kwa mafuta ya ufuta, kumi kwa klorheksidini, ile dawa kali ya kusukutulia inayouzwa famasi. Baada ya siku 10 utando ulipungua pande zote mbili, na fizi zikapata nafuu. Mwaka 2015 ukatoka utafiti mwingine, wa mafuta ya nazi, vijana 60 kwa siku 30. Nafuu ilionekana tangu siku ya saba.

Inapendeza, lakini soma vizuri. Ule wa nazi haukuwa na kundi la kulinganisha. Mtu akijua meno yake yatakaguliwa wiki ijayo, si atapiga mswaki vizuri zaidi? Na ule wa ufuta ulikuwa na watu 20 tu. Halafu mafuta yalikuwa nyongeza, mswaki haukuachwa. Ndiyo maana chama cha madaktari wa meno cha Marekani hakiyapendekezi: ushahidi hautoshi. Ninavyoona mimi, mafuta yanaweza kusaidia kidogo kupunguza utando laini. Utando ulioshakuwa mgumu kama jiwe chini ya ufizi hayautoi, na jino lililotoboka hayalizibi. Huyu binamu yangu kwa damu ya miezi yote hiyo anahitaji kukaguliwa na kusafishwa.

Ukitaka kufanya, fanya hivi. Asubuhi kabla ya mswaki, chukua kijiko kimoja cha chai. Kijiko kikubwa kinajaza mdomo, unaanza kupaliwa. Nazi hapa Uingereza inaganda chupani, maana chini ya nyuzi 24 hivi haiyeyuki, kwa hiyo iache iyeyuke mdomoni kwanza. Zungusha taratibu, ipitishe katikati ya meno, dakika tano mpaka kumi. Taya likiuma, acha. Usiinue kichwa na usigogomoe kooni. Hapa sifanyi mzaha: madaktari wa Korea Kusini na Japani wameshaandika kuhusu wagonjwa waliopata uvimbe wa mapafu kwa sababu mafuta yalikuwa yanaingia kidogo kidogo kwenye njia ya hewa. Kikohozi kisichoisha au pumzi kubana ni dalili ya kuacha na kwenda hospitali. Watoto wadogo wasifanye kabisa, wala bibi au babu anayepaliwa hata na chai. Mwenye mzio wa ufuta hata asiufikirie.

Tema kwenye tishu, tupa kwenye pipa. Ukitema kwenye sinki, mafuta yataganda kwenye bomba na fundi wa hapa unajua bei yake.

Halafu ndiyo upige mswaki, dakika mbili, kwa dawa yenye floridi. Kwenye boksi kumeandikwa, tafuta kati ya 1350 na 1500 ppm. Tema povu, ila usisuuze kwa maji, floridi ibaki kwenye meno. Wengi wanageuza: wanapiga mswaki kwanza, halafu mafuta. Hapo unaiondoa ile floridi, ambayo ndiyo yenye ushahidi wa miaka mingi kwamba inazuia meno kuoza.

Binamu nimemwambia apige simu kila asubuhi kuulizia kama kuna mgonjwa aliyeghairi. Mafuta aendelee nayo akipenda.