Fundo la Mama Skola

Karanga zilikuwa kwenye kona ya jikoni, zimefungwa ndani ya kipande cha kitenge cha bluu, na ncha za fundo zilielekea kushoto. Mama Skola alikuwa mtu wa mkono wa kushoto. Kula na kusalimia watu alitumia wa kulia kwa sababu ya adabu, lakini kusonga, kutwanga, kukata vitunguu na kufunga mafurushi vyote vilikuwa vya kushoto. Karanga hizo alizifunga Januari, zilizobaki baada ya kupanda. Mwanzoni mwa Machi aliugua siku nne, akazikwa.

Tangu hapo Baba Skola alifagia jiko kwa kulizunguka lile furushi. Hakulisogeza hata mvua ya masika ilipopenya kwenye nyasi za paa na kulowanisha kona.

Chakula alipika Skola. Ana miaka kumi na mitatu, yuko darasa la saba, na hakuna aliyemwambia apike. Siku ya tatu baada ya wageni wa msiba kuondoka aliamka tu, akawasha moto, na baba yake akakaa kusubiri kama alivyozoea. Asubuhi alipika uji wa Deo, mdogo wake wa miaka mitano, akachelewa namba. Mchana alirudi kupika ugali na mara nyingine hakurudi darasani. Mwezi Mei mwalimu alimwita Baba Skola, akamfungulia daftari la mahudhurio bila maneno mengi. Mtihani ni Septemba. Kwenye mstari wa Skola, misalaba ilikuwa mingi kuliko alama za kuhudhuria.

Jumapili hiyo hiyo dada yake alishuka kutoka Sumbawanga. Kaoze iko bondeni, upande wa Ziwa Rukwa, na mtu anayetoka juu Ufipa huteremka milima ya Lyamba lya Mfipa akiwa amevaa sweta na kufika chini akiwa amelibeba mkononi. Alikaa kwenye kigoda, akamtazama Deo akichokoa ugali bila kula.

"Kaka, mtoto amekonda. Nipe huyu nikakae naye. Na Skola akishamaliza la saba, aje pia."

"Tutaona, dada."

"Tutaona nini? Mwisho wa Juni narudi kumchukua."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa na nyumba ya bati, ng'ombe wa maziwa, na mkono wa kupika. Baba Skola alijua hana jibu, kwa kuwa kitu pekee alichowahi kupika maishani ni mahindi ya kuchoma shambani.

Kesho yake alimwambia Skola aende shule na asirudi mchana. Akafunga mlango wa jikoni kwa ndani, maana jirani wakimwona wangetangaza hadi mnadani.

Alitundua mwiko ukutani. Ulikuwa umeungua kidogo kwenye mpini, alama nyeusi ya ukubwa wa kidole, na ncha yake ilikuwa imelika upande mmoja kwa miaka ya kusugua sufuria. Aliushika alama ikitazama juu, kama alivyouona siku zote mkononi mwa mkewe. Akachemsha maji, akamwaga unga wote kwa pamoja, akasonga. Ukatoka mabonge, nje mlaini na ndani unga mkavu mweupe. Deo alivunja bonge moja, akaona unga ukimwagika, akacheka. Alikuwa hajacheka tangu Machi, lakini hakula.

Siku ya pili alipunguza unga, ukawa uji mzito. Siku ya tatu uliungua. Siku ya nne alikwenda kwa bibi wa nyumba ya pili, akasimama mlangoni kama mtu aliyekuja kukopa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Moshi wa kwako naunusa siku ya nne sasa. Ingia."

Bibi hakumfundisha kwa maneno mengi. Alimwuliza mkewe alikuwa anapima kwa nini. Baba Skola alikumbuka kopo la bati lililobonyea ubavuni, la nusu lita hivi, lililokaa daima juu ya debe la unga. Siku zote alidhani ni la kunywea maji. Kwa watu watatu, bibi alisema, chemsha makopo matatu ya maji, na unga uwe na makopo kama mawili, ila usiumwage wote. Unga wa viganja viwili ukoroge kwanza kwa maji ya baridi, umimine kwenye yale yanayochemka, upate uji mwepesi. Uache utokote dakika tano mpaka uanze kurusha.

"Hapo ndipo wanaume mnaposhindwa, hamsubiri uji uive. Uji ukiwa mbichi, ugali wote utakuwa mbichi."

Baada ya hapo unga huongezwa kidogo kidogo, kiganja kimoja, usonge mpaka upotee, kisha kingine. Ukiona bonge, libane kwenye ubavu wa sufuria kwa mwiko mpaka lipasuke. Ugali ulioiva huachia sufuria wenyewe, na harufu ya unga mbichi hukatika.

Alifanya hivyo jioni ile, Skola akiwa amekaa na daftari lake karibu na mlango. Uji uliiva, unga uliingia vizuri, lakini mwiko haukufika kwenye pembe ya sufuria. Kila alipozungusha, ile sehemu iliyolika ilipita juu juu, na chini kulianza kushika.

"Baba, geuza mwiko," Skola alisema bila kuinua kichwa. "Umelikia mkono wa mama."

Aliugeuza. Alama nyeusi ikaangalia chini, na ncha ikakaa sawasawa kwenye pembe, kama imechongwa kwa ajili yake. Alisonga mpaka jasho likamtoka, na alipofunika sufuria alitoka nje akakaa nyuma ya nyumba muda mrefu, hata Skola ikabidi apakue mwenyewe.

Deo alikula matonge mawili, kisha akauliza, "Samaki wa mama yuko wapi?"

Samaki wa mama alikuwa kambale wa kubanika aliyeungwa kwa karanga. Kambale si shida Kaoze, wachuuzi hupita na baiskeli kutoka ziwani. Shida ilikuwa lile furushi la kona. Asubuhi Baba Skola alikaa mbele yake akijaribu kufungua fundo kwa mkono wa kulia, likakaza zaidi. Akajaribu wa kushoto. Vidole vilikuwa vizito, lakini fundo lililegea mara moja.

Harufu ilimfikia kabla hajaona. Nyingi zilikuwa zimesinyaa na kuwa nyeusi, nyingine zina ukungu wa kijivu na kijani. Chini, mahali palipolowana, zilikuwa zimeshikana. Lakini juu kulikuwa na kama kopo moja la karanga zilizoonekana safi kabisa. Alizichambua kwenye ungo moja moja, kama alivyomwona mkewe akifanya, akampelekea bibi zile safi.

Bibi alizitazama, kisha akauliza zilizobaki zikoje. Alipoambiwa, alizirudisha mkononi mwake.

"Tupa zote, mwanangu."

"Hizi ni nzima, bibi. Ni zake."

"Zimelala pamoja na zilizooza. Ile ni sumukuvu, inatoka kwenye ukungu, na huwezi kuiona kwa macho kila mara. Ukikaanga haitoki, ukichemsha haitoki. Inakula ini, na mtoto mdogo ndiye inamuumiza zaidi. Ukionja karanga ikawa chungu, iteme, lakini usingoje uchungu. Hata kuku usiwape."

Baba Skola hakusema neno. Alikaa na ule ungo magotini mpaka kivuli cha mwembe kikahama. Kama angelifungua furushi Machi na kuzianika juani, zingekuwa nzima, na wangezila zikaisha. Kwa kuwa alitaka zibaki, ndiyo sababu zimeharibika. Jioni alichimba shimo nyuma ya nyumba, la kina cha mkono hadi kiwiko, akazimwaga zote na kufukia. Kitenge alikifua kwa sabuni mara mbili na kukianika.

Karanga mpya zilikuwa zimevunwa. Alinunua debe dogo kwa mtu aliyezianika juu ya turubai na si juu ya udongo, akazitikisa sikioni kusikia kama zinalia ndani ya maganda, dalili kwamba zimekauka. Wiki nzima kabla ya kurudi kwa dada yake alirudia mchuzi ule ule. Kambale alimvunja vipande, akatoa mabaki ya tumbo, akamloweka kwenye maji ya moto dakika kumi na kuyamwaga, kwa kuwa masizi na mchanga hubaki humo. Alikaanga kitunguu na nyanya, akaweka samaki na maji, akaacha dakika ishirini moto ukiwa wa kawaida.

Karanga alizikaanga kidogo, akapepeta maganda, akazitwanga mpaka zikaanza kutoa mafuta. Mara ya kwanza alizitia kavu kwenye mchuzi, zikafanya mabonge. Mara ya pili alizikoroga kwa maji ya baridi lakini akaacha moto mkali akaenda kumfukuza mbuzi, mchuzi ukafurika na kuzima moto, uliobaki ukashika chini. Mara ya tatu alivuta kuni mbili nje, akakoroga bila kuondoka, mwiko alama chini, mpaka mafuta mekundu yakaelea pembeni. Hapo ndipo akatia chumvi.

Dada yake alifika Jumamosi mchana. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Alisimama hapo na sweta mkononi, akamwona kaka yake ameinama juu ya figa, na Skola hayupo.

"Skola yuko wapi?"

"Masomo ya ziada. Karibu, dada, nawa mikono."

Walikula kimya. Deo alimaliza sahani, akalamba vidole, akasema, "Chumvi ya mama ilikuwa kidogo kuliko hii." Kisha akasogeza sahani aongezwe. Shangazi alimwangalia mtoto, akaangalia sufuria, akamega tonge jingine. Baadaye aliuliza tu basi la kurudi Sumbawanga linapita saa ngapi, na kama kuna kambale mzuri wa kupeleka nyumbani.

Alipokuwa anaaga, aliingia jikoni kuchukua sweta. Kwenye msumari, juu kabisa, mbali na kona inayovuja, lilining'inia furushi la kitenge cha bluu lililojaa karanga. Aliligusa.

"Hili fundo limeelekea kulia," alisema.

"Ndiyo," Baba Skola alijibu. "Hilo nimelifunga mimi."