Kasha la Malindi

Palikuwa na kijana mmoja wa Unguja, mwuza vitu vikuukuu sokoni Darajani. Ajuza mmoja wa Malindi alimwuzia kasha la njumu za shaba, pembe zimebonyea na bawaba imelegea. Wakapatana kwa shilingi 80,000. Kijana aliliona ni kazi ya juzijuzi tu, kwani misumari yake ilikuwa ya mviringo, ya kiwandani, na mabamba yote yalikuwa na unene mmoja.

Jioni alibandua bamba moja ili alinyooshe. Chini yake ubao ulikuwa na rangi mbili, na ile iliyofifia ilifanya umbo la ua ambalo bamba halikulifuata. Kandokando ya ua palikuwa na matundu matupu, nayo yalikuwa ya pembe nne. Alistaajabu, akamwita mjomba wake, fundi seremala.

Mjomba hakushughulika na shaba. Alifungua parafujo moja ya bawaba, akaiweka kiganjani. Ncha yake ilikuwa butu, na mfuo wa kichwani umekwenda upande.

"Parafujo za ncha kali zilienea tangu katikati ya karne ya 19," alisema. "Hii imekatwa kwa mkono."

"Basi kasha ni la kale?"

"Ngoja kwanza. Parafujo kuukuu yaweza kutiwa katika kasha jipya, na ubao mkuukuu waweza kuundiwa kasha jipya vilevile. Lakini tazama tundu hili. Halikupanuliwa, na kutu imeingia ndani ya mti pande zote. Vimezeeka pamoja. Mwenyewe mmoja alibandua shaba ya kwanza akapiga hii, nayo ndiyo iliyokudanganya. Huu ni msaji. Makasha ya namna hii yalikuja kwa majahazi kutoka Surat na Bombay. Utapata mara kumi ya ulichotoa."

Kijana hakujibu. Usiku ule alijiambia kwamba alinunua bila ya kujua, na mwenyewe aliuza kwa ridhaa yake. Hata hivyo usingizi haukumjia, kwa kuwa sasa alikuwa anajua.

Baada ya sala ya alfajiri alikodi hamali, akalirudisha kasha Malindi.

"Lina kasoro, mwanangu?" aliuliza ajuza. "Zile fedha nimekwisha lipia deni la dukani."

Kijana akamweleza yote, tangu matundu mpaka parafujo. Bibi alinyamaza kitambo. Kisha akaingiza mkono katika kisanduku kidogo cha ndani, upande wa kushoto, akasukuma kibao ambacho kijana hakukijua. Palikuwa patupu.

"Mama akificha vipuli vyake humu," alisema, "na mamake kabla yake. Haya, mwanangu, keti. Niambie wewe wataka kuliuza kwa kiasi gani, na mimi fungu langu ni lipi."

Kijana akavua viatu, akaketi.