Wifi ya bweni: barua kwa ofisi ya teknolojia ya chuo

Kwa wakuu wetu wa ofisi ya teknolojia,

Sisi wanafunzi tunaolala bwenini, hapa Kindu, tunawaandikia kwa heshima, lakini bila kuficha. Umeme ukirudi mangaribi, bweni lote linaingia kwenye kisanduku kimoja cha wifi, kile cha pale mlangoni. Mwenye chumba cha mwisho wa koridoo anatoka kukaa nje na mbu, telefone mkononi, ili apakue silabusi ya kesho.

Tunaambiwa dawa ni kulipia interneti kubwa zaidi. Tulipima wenyewe. Tuliweka komputa karibu kabisa na kisanduku, tukakiuliza chenyewe, bila kutoka kwenye interneti:

```
ping 192.168.1.1
```

Saa tisa usiku, watu wakilala, jibu linarudi kwa milisekunde 3. Saa mbili usiku linapita 200. Basi foleni iko humu ndani, hewani. Kwenye kisanduku kimoja matelefone yanasema kwa zamu. Ile ya mbali, yenye mawimbi hafifu, inasema polepole, na wote wanaingoja, hata aliye karibu.

Kwa hiyo tunaomba kisanduku kwa kila koridoo, kila kimoja na kebo yake isiyozidi mita 100. Msituletee virudishi visivyo na kebo: vingi vinapokea na kutuma tena kwa mawimbi yale yale, kila ujumbe unashika hewa mara mbili. Na kwenye 2.4 GHz, visanduku jirani viwekwe kwenye chaneli 1, 6 na 11, kwani hizo tatu haziingiliani.

Visanduku vikiongezwa, foleni itahamia kwenye laini ya kutoka nje. Hapo njo tunahitaji sheria. Hatutaki YouTube ifungwe, wengi wetu tunafuatia kozi humo. Tunataka mgawanyo sawa unaobadilika. Tuseme laini ni megabiti 20 kwa sekunde. Tukiwa 80, kila mtu apate robo ya megabiti: silabusi ya megabaiti 5 itashuka chini ya dakika 3. Wakibaki 4 usiku wa manane, kila mmoja apate 5, na silabusi ile ile ishuke kwa sekunde 8. Anayevuta filamu avute, ila kwa fungu lake.

Fungu lihesabiwe kwa mwanafunzi. Mwenye telefone, tableti na komputa asipate matatu. Tena matelefone ya siku hizi yanabadilisha anwani yao ya wifi, kwa hiyo kila mtu aingie kwa namba yake ya chuo. Namba hiyo isitumiwe kuchungulia tunasoma nini. Hilo tunataka liandikwe ndani ya sheria, maana hata sisi kwa sisi tulibishana sana juu yake.

Kutoboa kuta na kuvuta kebo tutasaidia kwa mikono yetu. Tunangoja jibu lenye tarehe, libandikwe mlangoni pa bweni.