Kampeni moja, kurasa ngapi?

Anayeendesha kampeni moja katika majimbo ao nchi mbalimbali hujiuliza: akaunti moja, ao kila mahali ukurasa wake? Ebola ya 2018 hadi 2020 inatoa jibu.

Huko Beni, watu waliokutana na mgonjwa walipewa chanjo ya dozi moja. Toka Novemba 2019, mjini Goma, wakaaji wa Majengo na Kahembe walipewa chanjo ingine, ya dozi mbili, zenye kuachana kwa siku 56. Ukurasa mmoja ukiandika «dozi moja inatosha», mama wa Majengo harudi kwa dozi ya pili. Ukiandika «rudi kisha siku 56», mtu wa Beni anangojea dozi isiyokuwepo.

Basi kipimo si mpaka wala lugha, ni agizo. Dalili za Ebola ni zile zile Goma na Kasese, Uganda; zibaki kwa akaunti moja, hata zikiandikwa kwa Kiswahili, Kinande na Kifaransa. Lakini dozi ao nambari ya kupiga simu ikiwa tofauti, ukurasa utengwe, na jina la mji lionekane juu kabisa.

Na pasipo mtu wa kujibu maswali kila siku, ukurasa usifunguliwe. Wenye nambari ya zamani unapoteza watu kuliko kunyamaza.