Simu ya Mama Isinyamaze Yote

Kaka yake mama yangu alifariki Kondoa baada ya Alfajiri, akazikwa baada ya Alasiri siku hiyo hiyo. Mama, anayeishi nami hapa Mtumba, alipata habari usiku. Simu yake ilikuwa chini ya mto, imezimwa sauti. Walimpigia mara sita.

Nilitaka kumlaumu, kisha nikaifungua simu ile. Katika siku mbili alikuwa amepokea jumbe 31. Jumbe 4 zilitoka kwa watu, 2 zilihusu fedha, na 25 zilizobaki zilikuwa bahati nasibu, mikopo na vifurushi. "Mwanangu," akaniambia, "kila ikilia naacha kazi, natafuta miwani, nakuta si mtu. Ndiyo maana niliizima." Kosa halikuwa lake. Simu inayolilia kila kitu humfundisha mwenyewe kutoisikiliza.

Tulianza na maandishi, kwani asiyesoma jina la aliyetuma hawezi kuchagua. Simu ilikaa mkononi mwake, mimi nikasema tu pa kugusa. Katika Mipangilio, sehemu ya Onyesho, mna vipimo viwili: kimoja hukuza maandishi, kingine hukuza kila kilichomo kiooni pamoja na vitufe. Majina hutofautiana kidogo baina ya simu na simu. Tulikuza maandishi kwanza, hatua moja baada ya nyingine, kisha nikamwomba asome kwa sauti ujumbe wa fedha alizopokea. Tulipofika kipimo cha mwisho, kiasi cha fedha kilikatika mistari miwili na kitufe cha kukubali kikashuka nje ya kioo. Tukarudi nyuma hatua moja. Basi kipimo kinachofaa si kile kikubwa kuliko vyote, bali kile ambacho mzazi husoma tarakimu nzima bila kukosea.

Siku ya pili tuligeukia milio. Arifa ikitokea, mama huibonyeza bila kuiachia mpaka machaguo yatokee, kisha huchagua iwe kimya au izimwe kabisa. Habari za michezo na michezo ya simu alizizima. Kundi la ukoo alilinyamazisha bila kulitoka: jumbe zinaingia, naye huzisoma atakapo.

Kwa usiku tuliweka hali ya Usinisumbue, nayo ndiyo yenye hatari ya kuturudisha chini ya mto. Ikiachwa ilivyo, huenda ikazuia hata simu ya msiba. Tukaruhusu wapigaji waliomo katika orodha ya majina yake, na tukawasha kipengele cha wanaopiga tena: mtu yeyote akipiga mara ya pili ndani ya dakika 15, simu italia. Programu ya adhana nayo tuliiruhusu kwa jina lake, maana si kila programu ya namna hiyo huhesabiwa kuwa kengele. Kisha tukajaribu. Nilitoka uani nikampigia, ikalia. Jirani ambaye namba yake haimo orodhani akapiga, kimya. Akapiga tena, ikalia.

Mwisho tukazishika jumbe za biashara. Ukibonyeza kwa muda jina la mtumaji utapata neno Zuia. Lakini ukizuia jina, umezuia kila kinachotoka kwa jina hilo. Kwa hiyo kabla ya kuzuia, mama hupandisha jumbe za zamani za mtumaji yule na kuangalia kama zimo risiti za fedha au namba za siri za benki. Zikiwemo hazuii, hunyamazisha tu. Alizuia majina 9. Baada ya wiki tulifungua sehemu ya jumbe taka na zilizozuiwa kuona kama cha maana kimenaswa humo. Hakikuwemo. Wafanyabiashara nao hubadili majina, hivyo kazi hii hurudiwa kila mwezi.

Ujumbe wa kitapeli ni jambo jingine. Ule usemao "ile pesa itume kwenye namba hii" haukuzuiwa tu. Mama aliupeleka namba 15040 iliyowekwa na TCRA, kisha ndipo akamzuia mtumaji. Kumzuia kulimlinda yeye peke yake. Kuripoti huenda kukamlinda na mwingine.

Kazi yote ilituchukua siku nne, nusu saa kila siku baada ya Isha. Wiki iliyopita simu ililia saa nane usiku. Alikuwa mpwa wake wa Kondoa. Mkewe alikuwa amejifungua salama. Mama alipokea mlio wa pili. Simu ilikuwa juu ya mto.